Kuskani dosye isiyozidi megabaiti 2: chagua rangi kwanza, nukta baadaye

Nimechoka kulijibu swali hili mteja mmoja mmoja hapa sekretariati, Lubumbashi, kwa hiyo naliandika mara moja. Tuchukue dosye ya kurasa 12 ambayo tovuti inaikataa ikizidi megabaiti 2: kurasa 9 zimepigwa chapa, ukurasa 1 umeandikwa kwa penseli, na kurasa 2 zina muhuri uliogongwa juu ya saini. Ukiziskani zote kwa rangi, 300 dpi, utapata takriban megabaiti 12.

1. Futa kioo cha skana.

2. Tenganisha karatasi katika mafungu hayo matatu, kwa sababu si lazima kurasa zote za PDF moja ziwe na rangi ya namna moja.

3. Kurasa za chapa ziskani kwa *Noir et blanc*, 300 dpi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Katika hali hii kila nukta ni nyeusi au nyeupe tu, na mpaka kati ya hizo mbili unawekwa kwenye *Seuil*, ambayo kwa kawaida husimama katikati, karibu na 128. Chochote kilicho hafifu kuliko mpaka huo hupotea kabisa, wala hakififii tu: muhuri wa zambarau uliopauka hautaonekana, na penseli itabaki vipande vipande. Muhuri uliokolea, kinyume chake, hugeuka doa jeusi linalomeza saini iliyo chini yake. Karatasi iliyozeeka ikawa ya manjano hujaa chembe nyeusi, na chembe hizo, mbali na kuchafua ukurasa, hulifanya faili livimbe. Ukiziona, sogeza mpaka ili manjano ihesabiwe kuwa nyeupe, kisha tazama herufi ndogo kuliko zote: tundu la «e» likiwa limezibika au mstari wake umekatika, umekosea upande mmoja au mwingine. Usishuke chini ya 300 dpi hapa, kwa kuwa hakuna kijivu cha kulainisha kingo za herufi. Tena usihifadhi kurasa hizi kama JPEG, kwani zitageuzwa kijivu na kuwa kubwa. Ukurasa safi hutoka na kilobaiti 50 hivi.

4. Penseli: *Niveaux de gris*, 200 dpi, takriban kilobaiti 250.

5. Mihuri: *Couleur*, 200 dpi, JPEG ya ubora wa kati. Kila ukurasa utachukua kama kilobaiti 350, na wino wa buluu wa saini utatofautiana na muhuri.

6. Unganisha, kisha kagua:

```
pdfunite chapa.pdf penseli.pdf mihuri.pdf dosye.pdf
pdfimages -list dosye.pdf
```

Kwenye safu ya `enc`, kurasa za chapa zionyeshe `ccitt` au `jbig2`. Zikionyesha `jpeg`, rudi hatua ya 3. Jumla ya dosye yetu ni takriban megabaiti 1.4.

Maswali

*Kutoka Katuba:* Papa, faili langu bado ni kubwa. Nifanye nini?

Umeskani kwa rangi gani, na `enc` inaonyesha nini? Bila hayo mawili siwezi kukujibu.

*Kutoka Katuba:* Sikuangalia. Nimeweka 600 dpi ili isomeke vizuri.

Basi jibu umelitoa mwenyewe. Ukizidisha dpi mara mbili, nukta zinakuwa mara nne. Rudi hatua ya 3.

*Kutoka Ibanda, Bukavu:* Samahani, Papa, inawezekanaje 300 dpi ya nyeusi na nyeupe iwe ndogo kuliko 150 dpi ya kijivu, ilhali nukta zake ni nyingi zaidi?

Swali zuri, Mama. Ukurasa wa A4 kwa 300 dpi una nukta milioni 8.7 hivi, lakini njia ya `ccitt` haiandiki kila nukta. Huandika mahali ambapo nyeupe inageuka nyeusi na mahali inaporudi, na mistari inayofanana na ule wa juu yake hugharimu kidogo sana. Ukurasa wa chapa una nafasi nyingi tupu, kwa hiyo mageuko ni machache. Katika kijivu, hata nafasi tupu ina vivuli vinavyobadilika kidogo kidogo, na kuvihifadhi huchukua nafasi. Ndiyo maana chembe nilizozitaja ni ghali: kila moja huongeza mageuko.

*Kutoka Goma:* Karatasi yangu ni nyembamba, na maandishi ya nyuma yanatokea mbele. Nipandishe dpi?

Hapana, ndugu, utayaona vizuri zaidi tu. Weka karatasi nyeusi nyuma yake kabla ya kufunga kifuniko. Ukurasa wote utakuwa mweusi kidogo, lakini maandishi ya nyuma yatafifia, halafu utarekebisha kwa *Seuil*.

*Kutoka Ibanda:* Na kama ni kurasa za penseli, ambako hakuna *Seuil*?

Karatasi nyeusi ni ileile, Mama. Ila baada ya hapo ongeza *Luminosité* kidogo, ukisimama kabla mistari ya penseli haijaanza kukatika.