Benki inabalansi lakini hela haipo: jinsi ya kumkamata keshia anayezungusha malipo ya wateja

Nafanya vitabu vya maduka ya jumla hapa Mwanza, mengi yako upande wa Kirumba, yanauza nyavu, kamba, maboya na taa za sola za kuvulia dagaa. Karibu wote wanakopesha. Mteja anatoka Ukerewe au Kome anachukua mzigo, anaenda kuvua, akipata analipa. Wizi ninaoukuta mara nyingi kwenye biashara za hivi ni wa keshia kula hela ya mteja mmoja halafu kuziba na hela ya mteja mwingine. Wenye maduka wengi hawauoni kwa sababu wao wanaangalia kama benki inabalansi, na wizi huu benki inabalansi kabisa.

Ngoja nioneshe kwa duka moja nililolikagua. Tarehe 3 mteja wa Nansio alilipa keshi 1,200,000, akaandikiwa risiti ya kitabu, akaondoka. Keshia hakuipeleka benki na hakuiandika kwenye leja. Tarehe 6 mteja wa Kome akalipa 1,500,000 kwa lipa namba. Hiyo hela haiwezi kuingia mfukoni maana imeshaingia kwenye akaunti ya duka, ila nani kailipa anayeandika ni keshia, kwa hiyo akaandika wa Nansio kalipa 1,200,000 na wa Kome kalipa 300,000. Tarehe 11 wa Sengerema akalipa 2,000,000, keshia akampa wa Kome 1,200,000 yake iliyobaki na wa Sengerema akamwandikia 800,000 tu. Sasa jumlisha: leja inasema tarehe 6 imeingia 1,500,000 na tarehe 11 imeingia 2,000,000, na akaunti inasema hivyohivyo. Mama mwenye duka aliniambia, "Mwanangu, jumla zinakubaliana, wewe unatafuta nini tena?" Nilikuwa natafuta majina, mama. Ile 1,200,000 haikurudi, imehama tu kutoka kwa wa Nansio kwenda kwa wa Kome kwenda kwa wa Sengerema.

Hatua ya kwanza, kusanya karatasi bila kumshtua mtu. Unahitaji nakala za vitabu vya risiti, leja ya wadaiwa, stetimenti ya benki na stetimenti ya lipa namba ya miezi mitatu hivi. Stetimenti omba wewe mwenyewe mwenye biashara, usimtume keshia akuletee. Hesabu pia vitabu vya risiti, namba zifuatane, kitabu kikikosekana andika hilo pembeni kabla hujaendelea.

Hatua ya pili ndiyo kazi yenyewe. Chukua malipo ya lipa namba moja moja, maana pale kuna jina la aliyelipa, saa na kiasi kamili, na keshia hawezi kuvibadilisha. Tafuta malipo hayohayo kwenye leja. Ukikuta mtu mmoja kalipa mara moja 1,500,000 halafu leja ina mistari miwili ya siku hiyo, kwa wateja wawili tofauti, inayojumlishwa inakuwa 1,500,000, simama hapo. Kisha fanya hivyo kwa risiti za keshi. Kwenye Eksel weka safu C tarehe ya risiti au stetimenti na safu D tarehe ambayo mteja alimaliziwa kuandikiwa hela yake yote, halafu:

```
=D2-C2
```

Inakupa siku za kuchelewa. Kwenye duka lile wa Nansio alichelewa siku 3, wa Kome siku 5, wa Sengerema siku 8. Kosa la kawaida la kuandika huwa linatokea mara moja na linaishia hapo, au siku mbili kwa sababu ya wikiendi. Hapa kuchelewa kunarithishana na kunarefuka. Na kwetu huku ziwani kuna kitu kinachokusaidia: mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, hela za wateja zinapungua, na mtu anayezungusha anategemea hela mpya iingie ndio azibe ya jana. Kwa hiyo angalia siku za mbalamwezi kwanza, kuchelewa kunaruka hapo kuliko siku za giza. Wa Sengerema alikaa siku 8 kwa sababu hiyo, hakukuwa na mtu wa kumzibia.

Hatua ya tatu, wapigie wateja. Siyo keshia apige, upige wewe. Usimwambie mteja anadaiwa, muulize tu, "Kaka, kwa hesabu zako unadaiwa shilingi ngapi na ulilipa lini mara ya mwisho?" Yule wa Sengerema alinijibu, "Dada, mimi nilishamaliza, meseji ya muamala ninayo hapa," akanitumia. Hatua hii usiiruke, kwa sababu kama keshia alipokea keshi bila kukata risiti kabisa, kwenye vitabu huoni kitu, ni mteja tu ndiye anayejua. Na ieleweke kwamba njia hii inakamata hela za wadaiwa, mauzo ya keshi ambayo hayakuandikwa popote haitayaona, hayo ni kuhesabu stoo.

Sasa pengo likikua haliwezi kuzungushwa milele. Pale lilikuwa limefika 4,350,000, kila hela inayoingia tayari ina mwenye kuidai. Kwa hiyo hatua ya nne, tafuta lilipofukiwa. Wengine wanaandika punguzo au mzigo uliorudishwa ambao stoo haikuuona. Huyu wa kwetu alitengeneza msambazaji hewa, msafirishaji wa boti wa kupeleka nyavu visiwani. Duka linamlipa msafirishaji Jumanne, na Jumatano deni la mteja aliyechelewa linafungwa kwa keshi. Hela ya duka inatoka mlango mmoja inarudi kwa mwingine.

Ankara zake zilikuwa namba 0017, 0018 na 0019 kwa miezi miwili, yaani mtu mwenye boti hana mteja mwingine zaidi ya sisi. Kila moja ilikuwa chini kidogo ya 500,000, kiasi ambacho mama alisema kikizidi lazima asaini yeye. Nilichofanya ni kuchukua namba ya simu ya kwenye ankara, nikaanza kutuma 1,000, jina la mwenye namba likatokea kabla ya kuthibitisha, nikaghairi. Lilikuwa ni jina la ukoo la keshia. Muombe pia msafirishaji TIN uicheki TRA, na kama kakupa risiti ya EFD ihakiki kwenye verify.tra.go.tz, ila kukosa mashine peke yake siyo ushahidi, wapo wadogo wasiotakiwa kuwa nayo. Swali zuri zaidi ni kwa mtu wa stoo: huo mzigo ulitoka lini, na ulipakiwa mwalo gani? Pale hakuna aliyewahi kuiona hiyo boti.

Kabla hujamwita keshia, piga picha nakala zote na ufungie vitabu halisi kabatini, funguo ubaki nazo. Halafu rekebisha leja: rudisha kila malipo kwa mteja aliyeyalipa kweli, risiti kwa risiti. Wateja wote wakishapata haki yao, kitakachobaki bila mwenyewe ndio pengo, unakifungulia akaunti moja ya mdaiwa kwa jina la keshia, na ankara za msafirishaji unazitoa kwenye gharama unaziweka humohumo. Wa Sengerema tulimtumia leja yake mpya siku ileile, inasoma sifuri.