Somo: Msimamizi ameandika "Kwa hiyo?" pembeni mwa aya yako. Ufanye nini?

Wengi hujibu swali hili kwa kuongeza data, au kwa kubandika mwishoni sentensi kama "Matokeo haya ni muhimu sana kwa watunga sera". Msimamizi hakuomba lolote kati ya hayo. Anachosema ni kwamba amesoma ulichokikuta lakini hajaona kinagusa wapi hoja ya tasnifu yako.

Tufanye kazi na aya hii, niliyoitunga kwa ajili ya somo. Utafiti unauliza kwa nini wagonjwa hukosa miadi ya kliniki ilhali hukumbushwa kwa ujumbe wa simu.

*"Kati ya washiriki 20 waliokosa miadi, 14 walisema ujumbe uliwafikia asubuhi ya siku yenyewe. Wanne waliupata siku moja kabla, na wawili hawakuupata kabisa. Wengi wa wale 14 walieleza kuwa walipousoma walikuwa tayari kazini."*

Hatua ya 1. Funika aya, kisha andika dai lake kwa sentensi moja. Ukijikuta unarudia namba tu, ujue aya bado haina dai. Hapa dai ni hili: ujumbe uliwafikia wengi wakati wa kujipanga umeshapita.

Hatua ya 2. Geuza matokeo. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Jiulize: kama ningekuta kinyume chake, ningelazimika kuandika upya sehemu gani ya tasnifu? Tuseme wote 14 walisema hawakupata ujumbe wowote na siku ikapita bila wao kukumbuka. Hapo maelezo yaliyozoeleka, kwamba watu hukosa miadi kwa sababu ya kusahau, yangebaki yamesimama. Lakini hawa walikumbushwa siku ile ile na bado hawakufika. Basi kusahau peke yake hakutoshi kueleza kutofika kwao. Huo ndio umuhimu wa aya, na ulikuwa umejificha ndani yake tangu mwanzo.

Ukigeuza matokeo na hakuna kinachotikisika popote, tatizo haliko kwenye uandishi. Aya hiyo iondoe, au ipeleke kwenye kiambatisho.

Hatua ya 3. Anza aya kwa dai, na uifunge kwa kutaja kile kinachobadilika:

*"Kwa wengi wa waliohojiwa, ujumbe ulifika wakati wa kujipanga umeshapita. Kati ya washiriki 20 waliokosa miadi, 14 waliupata asubuhi ya siku yenyewe, na wengi wao walikuwa tayari kazini. Kwa hiyo kusahau, sababu inayotajwa zaidi katika kazi zilizopitiwa katika Sura ya Pili, hakutoshi kueleza kutofika kwao. Muda wa kuomba ruhusa nao unahitaji kuchunguzwa."*

Wale wanne na wawili wahamie kwenye jedwali, usiwafiche.

Hatua ya 4. Pima nguvu ya kauli. Utafiti huu uliwahoji waliokosa miadi tu. Huenda waliofika nao walipata ujumbe asubuhi ile ile. Ndiyo maana sikuandika kwamba ujumbe wa kuchelewa "ulisababisha" kutofika. Data hii inatosha kutilia shaka maelezo ya zamani, lakini haitoshi kuthibitisha mapya.

Kisha jaribu sentensi yako ya mwisho kwa kuihamishia kwenye aya nyingine. Ikikaa vizuri huko pia, bado haijasema kitu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, niliambiwa sura ya matokeo isiwe na tafsiri yoyote. Hii si kazi ya sura ya mjadala?

Jibu: Kama mwongozo wa chuo chako unatenganisha sura hizo, dai libaki kwenye matokeo, na sentensi inayoanza na "Kwa hiyo" iende kwenye mjadala. Dai halivunji kanuni, kwa sababu linasema data imeonyesha nini.

Swali: Je, kila aya imalizikie hivyo? Naona itachosha.

Jibu: Itachosha kweli, ndugu yangu. Aya inayoeleza mbinu au kutoa usuli haihitaji. Na aya tatu zikijenga hoja moja, sentensi moja mwishoni mwa ile ya tatu inatosha.

Swali: Mimi nimeandikiwa hivyo kwenye mapitio ya maandiko, ambako sina matokeo ya kugeuza.

Jibu: Geuza chanzo badala ya matokeo. Ukikiondoa kwenye sura, ni uamuzi gani wa utafiti wako unabaki bila sababu? Labda ndicho kilichokufanya uchague mahojiano badala ya hojaji. Basi andika hivyo wazi, palepale baada ya kukitaja.