Tangazo la kazi lililotiwa chumvi: namna ya kurekebisha fomu ya alama kabla ya kusoma wasifu wa waombaji

Wanaokaa kwenye jopo la kuchambua maombi ya kazi huamini kwamba wanapima waombaji. Kwa kweli wanapima umbali uliopo kati ya wasifu wa mwombaji na tangazo, kwa sababu fomu ya alama karibu kila mara hunakiliwa kutoka kwenye tangazo, sifa moja mstari mmoja, na kila mstari hupewa alama sawa na mwingine. Tangazo likitiwa chumvi, chumvi hiyo huingia kwenye fomu, na jopo hata likiwa na watu waadilifu na makini kiasi gani, litatoa orodha fupi iliyopinda. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuugundua upotofu huo na kuurekebisha, kwa kufuata nafasi moja ya kazi tangu tangazo hadi alama za mwisho.

Tuchukue kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi mjini Mwanza inayotafuta mhasibu msaidizi. Tangazo lake lina sifa 10, na fomu ya alama imeipa kila sifa alama 10: shahada ya uhasibu (ya uzamili ikipendelewa), cheti cha kitaaluma cha CPA(T), uzoefu wa miaka 7, uzoefu wa kuongoza timu, uwezo wa kupanga mikakati ya fedha, umahiri wa programu za uhasibu, uandaaji wa ritani za kodi, usuluhishi wa hesabu za benki, Kiingereza fasaha, na mwisho "mwenye kujituma na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Atakayepita huhesabiwa kuanzia alama 60.

Hatua ya 1: Andika kazi yenyewe, bila kuangalia tangazo

Mwombe msimamizi wa moja kwa moja wa nafasi hiyo, si ofisi ya rasilimali watu, aeleze mtu huyu atafanya nini tangu tarehe 1 hadi mwisho wa mwezi. Kwa mhasibu msaidizi wetu majibu yalikuwa haya: anaandika vocha za malipo, anahakiki risiti za EFD za wauzaji, anaandaa makato ya PAYE ambayo lazima yafike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, anaandaa ritani ya VAT inayopaswa kuwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, anafanya usuluhishi wa benki, yaani analinganisha daftari la fedha na taarifa za akaunti za benki, na anafuatilia wateja wanaodaiwa. Haongozi mtu yeyote. Mikakati ya fedha hupangwa na mhasibu mkuu pamoja na mkurugenzi.

Usikubali majibu ya jumla. Akisema "anasimamia masuala ya kodi", muulize ni kodi zipi, anajaza fomu mwenyewe au anakusanya nyaraka tu, na nini hutokea akichelewa. Swali la mwisho ndilo linaloonyesha uzito wa jukumu: ritani ikichelewa kampuni hutozwa adhabu, lakini barua ya Kiingereza ikiwa na makosa mhasibu mkuu huisahihisha kabla haijatoka.

Hatua ya 2: Weka kila sifa ya tangazo mbele ya jukumu lake

Chukua sifa moja moja na uulize inahudumia jukumu gani kati ya yale uliyoandika. Hapa chumvi hujitenga yenyewe, na kwa kawaida huwa ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni sifa za cheo kingine. Kuongoza timu na kupanga mikakati ni kazi ya mhasibu mkuu, na mara nyingi huingia kwenye tangazo kwa sababu mwandishi amenakili tangazo la zamani la nafasi ya juu. Sifa hizo mbili zina alama 20 kati ya 100, sawasawa na ritani na usuluhishi wa benki zikijumlishwa. Maana yake ni kwamba mtu asiyewahi kugusa ritani anaweza kufidia pengo lote kwa kuonyesha kwamba aliwahi kuongoza watu.

Aina ya pili ni jambo moja lililohesabiwa mara kadhaa. Shahada, CPA(T) na miaka 7 vinaonekana kama mambo matatu, lakini kwa kiasi kikubwa vinapima kitu kimoja, yaani mwombaji amefika umbali gani katika taaluma. Mwenye vyote vitatu anaondoka na alama 30 kabla hujajua kama amewahi kufanya kazi inayofanana na hii. Hili ndilo kosa linalojificha zaidi, kwa sababu kila sifa peke yake inaonekana kuwa na haki ya kuwemo.

Aina ya tatu ni maneno ambayo wasifu hauwezi kuyathibitisha. Kujituma hakuonekani kwenye karatasi. Mchambuzi anayelazimika kuitolea alama sifa hiyo hana cha kushika isipokuwa maneno ya mwombaji mwenyewe, hivyo anayenakili tangazo kwenye barua yake anapata 8, na aliyeeleza kazi zake kwa ukavu anapata 3. Mfumo wa kompyuta unaochuja kwa kutafuta maneno ya tangazo una udhaifu huohuo, na wenyewe haushtuki.

Hatua ya 3: Pima fomu kabla ya kuitumia

Chukua wasifu wa mtu anayefanya au aliyekuwa akifanya kazi hiyo vizuri, kama ulivyokuwa siku alipoajiriwa, ondoa jina, kisha uutolee alama kwa fomu ya zamani. Akianguka chini ya 60, fomu ina tatizo na hakuna haja ya mjadala mrefu. Kama nafasi ni mpya na hakuna mtu wa kumpimia, waombe wachambuzi wawili watoe alama kwa maombi matano yaleyale ya nafasi nyingine inayofanana, bila kushauriana. Sifa ambazo alama zao zinatofautiana sana ni zile zilizoandikwa vibaya, na mara nyingi utakuta ni zilezile ulizozitilia shaka kwenye hatua iliyotangulia.

Hatua ya 4: Gawa uzito upya, kisha eleza kila alama inamaanisha nini

Ondoa sifa za cheo kingine. Peleka kujituma kwenye usaili, ambako unaweza kumwuliza mwombaji alifanya nini mwezi ambao ritani na ukaguzi viligongana. Unganisha shahada na CPA(T) kuwa sifa moja ya elimu, na badala ya kuhesabu miaka, pima uzoefu wa kazi inayofanana na hii.

Kisha tumia kipimo cha 0 hadi 4 chenye maelezo. Kwa majukumu: 0 ni hakuna dalili, 1 ni limetajwa tu, 2 ni alisaidia mwingine, 3 ni alifanya mwenyewe, 4 ni alifanya mwenyewe kwa kurudia, na ameonyesha ukubwa wa kazi, kwa mfano idadi ya akaunti za benki alizosuluhisha kila mwezi. Kwa elimu, 4 ni kiwango kinachotosha kazi hii, na hakuna nyongeza kwa kilichozidi. Uzito ukijumlishwa ufike 25, ili alama ya juu kabisa iwe 100.

Sasa tuwapitishe waombaji wawili. Mwombaji wa kwanza ana shahada ya uzamili, CPA(T) na miaka 9 kwenye miradi ya wafadhili, ambako ritani zilishughulikiwa na mshauri wa nje. Wa pili ana stashahada ya uhasibu, amefaulu mtihani wa ATEC II wa NBAA, bodi ya wahasibu, na kwa miaka 4 amekuwa akiandaa VAT na PAYE za duka la jumla na kusuluhisha akaunti tatu za benki. Kwa fomu ya zamani wa kwanza angepata 74 na wa pili 47, kwa hiyo wa pili asingeitwa. Kwa fomu mpya hali ni hii, alama ikiwa imeshazidishwa kwa uzito:

| Sifa | Uzito | Wa kwanza | Wa pili |
|---|---|---|---|
| Ritani za kodi | 7 | 1 → 7 | 4 → 28 |
| Usuluhishi wa benki | 6 | 2 → 12 | 4 → 24 |
| Elimu | 4 | 4 → 16 | 2 → 8 |
| Uzoefu wa kazi kama hii | 3 | 2 → 6 | 4 → 12 |
| Programu za uhasibu | 3 | 2 → 6 | 3 → 9 |
| Lugha ya maandishi | 2 | 4 → 8 | 2 → 4 |
| Jumla | 25 | 55 | 85 |

Angalia kwamba wa pili bado amepungukiwa kwenye elimu na lugha, na fomu imelisema hilo wazi. Wa kwanza naye si mwombaji dhaifu. Angefaa sana nafasi ya mhasibu mkuu, na ni haki kumjulisha nafasi hiyo ikitangazwa.

Hatua ya 5: Amua kama tangazo lirudiwe

Hapa ndipo majopo mengi hupita haraka mno. Fomu mpya inawatendea haki walioomba, lakini haiwezi kuwafikia wale waliosoma "CPA(T) na miaka 7" wakafunga ukurasa. Wenye stashahada walioliheshimu tangazo hawakutuma maombi, na aliyethubutu kutuma hapaswi kunufaika peke yake kwa sababu jopo limelegeza masharti baadaye.

Kanuni ninayoifuata ni hii. Ukibadilisha uzito tu wa sifa zilizotangazwa bila kutenganishwa zipi ni za lazima, endelea, mradi uzito uwe umeandikwa na kusainiwa na jopo lote kabla ya maombi ya kwanza kufunguliwa. Usiongeze kamwe sifa ambayo haikutangazwa, hata ikionekana ya maana, kwa sababu waombaji hawakupewa nafasi ya kuieleza. Lakini kama tangazo lilisema wazi kwamba elimu fulani au idadi fulani ya miaka ni lazima, na jopo linataka kushusha kiwango hicho, lirudie tangazo kwa maneno mapya na uwaarifu walioomba kwamba maombi yao bado yanahesabika. Fanya vivyo hivyo kama hakuna hata mmoja aliyefika 3 kwenye ritani na usuluhishi. Hiyo ni ishara kwamba tangazo liliita watu wa kazi nyingine.

Katika utumishi wa umma mkono wa jopo ni mfupi zaidi. Kiwango cha elimu cha kuingilia hutoka kwenye muundo wa utumishi wa kada husika, na wachambuzi hawana mamlaka ya kukigusa. Wanachoweza ni kuhakikisha kwamba waliotimiza kiwango hicho wanatofautishwa kwa majukumu halisi, na si kwa wingi wa vyeti vilivyozidi kinachotakiwa.

Hatua ya 6: Hifadhi kumbukumbu

Weka pamoja tangazo la asili, orodha ya majukumu ya msimamizi, fomu ya zamani, fomu mpya na sababu ya kila badiliko kwa sentensi moja: "Uongozi wa timu umeondolewa kwa kuwa nafasi haina wa chini yake." Mwombaji akilalamika, hayo ndiyo majibu yako. Baada ya miezi sita ya ajira, mwulize msimamizi ni jukumu gani limemshinda mwajiriwa mpya, ulinganishe na alama aliyopewa kwenye mstari huo; kama alipata 4 kwenye ritani na sasa ritani zinachelewa, basi maelezo ya alama 4 yaandikwe upya kabla ya nafasi nyingine kutangazwa.