Mjamzito, usiache kiini cha yai
Geuza kopo la vidonge vyako vya ujauzito usome kama kolini, kirutubisho kinachosaidia kujenga seli za mtoto, imeandikwa. Mara nyingi haimo kabisa, au ni kidogo mno, hata pale asidi ya foliki na madini ya chuma vimetimia. Kama haimo, kula mayai mawili yaliyoiva vizuri kwa siku, na kiini chake, maana kolini karibu yote iko humo. Yai moja kubwa lina takriban miligramu 147, kwa hiyo mawili yanakupa kama theluthi mbili ya miligramu 450 zinazopendekezwa kwa mjamzito. Zilizobaki zitoke kwenye nyama, samaki, maharage au soya.

Kolini nyingi huenda kutengeneza fosfolipidi, mafuta yanayojenga utando wa kila seli, na mtoto anayekua anaunda seli mpya kila saa. Sehemu ndogo huunganishwa na kundi la asetili ndani ya neva ikawa asetilikolini, kemikali ya kupitishia ujumbe. Kondo la nyuma huivuta kolini kwa nguvu, hata damu ya mtoto ikawa nayo nyingi kuliko ya mama. Ini la mama hujitengenezea kiasi, na homoni ya estrojeni huliongezea kasi, lakini wapo wanawake ambao jeni zao haziitikii msukumo huo. Hao hutegemea chakula zaidi.

Njia hii haimfai mwenye mzio wa mayai. Huyo amuulize mkunga au daktari kuhusu kidonge chenye kolini.