Badilishana majina kabla ya kuhesabu
Jamani wa mtihani, swali la uwezekano likisema "chagua", badilisha nafasi za majina mawili kwanza. Tokeo likibadilika, mpangilio unahesabika.

Tuseme wanafunzi 9 wa Chake Chake, wasichana 5 na wavulana 4, watatu wapande boti kwenda Unguja. Asha akitajwa kabla au baada ya Juma, msafara ni ule ule, na watatu hupangika kwa njia 6: 9×8×7÷6 = 84. Wangepewa vyeo vya mwenyekiti, katibu na mhazini, ingebaki 504.

Alama hasa hupotea kwenye sehemu. Uwezekano wa wasichana wawili kamili: jozi 10 za wasichana mara wavulana 4, 10×4 = 40, basi 40/84, yaani 10/21. Wengi huandika 40/504. Kiasi hakina mpangilio, asili inao. Ukipenda mpangilio, uweke kote: 240/504, nayo ni 10/21 vilevile.