Somo: Simu ikijaa, tafuta kwanza uzito ulipo

Agosti, zabibu zikiwa tayari kuvunwa, alikuja kibandani kwangu Majengo mama mmoja wa Mvumi. Alitaka kumpigia mnunuzi picha za shamba lake, simu ikamwambia nafasi haitoshi. Ni simu ya GB 32. Usiku uliotangulia alikuwa amekaa akifuta picha za wajukuu, moja baada ya nyingine, hadi zikafika kama 300. Asubuhi simu ikamwambia maneno yale yale.

Iliniuma, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Picha zile zilikuwa za kutumiwa WhatsApp, kila moja ina kama KB 150. Picha 300 hazifiki hata MB 50. Video moja ya kwaya yao, wimbo mmoja tu, ilikuwa na MB 90. Alitoa kafara kumbukumbu za wajukuu akapata nafasi ndogo kuliko ambayo angeipata kwa kufuta wimbo mmoja alioupokea mara tatu.

Kwa hiyo somo hili linaanza na kuangalia. Kufuta kunakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: soma mgawanyo

Fungua `Settings`, kisha `Storage`. Simu nyingine huandika `Battery and device care` kwanza, ndani yake ndiyo utaikuta `Storage`. Ya mama ilisomeka hivi: mfumo wenyewe GB 11, programu GB 8.2, video GB 7.3, picha GB 3.1, mengineyo GB 1.8. Zilizobaki ni MB 600 tu.

Mfumo huugusi. Hapo hapo unaona kwamba video peke yake ni zaidi ya mara mbili ya picha, kwa hiyo kazi inaanzia kwenye video. Kwenye simu yako mgawanyo unaweza kuwa tofauti. Ukikuta programu ndizo nzito, anzia hatua ya nne.

Hatua ya pili: video kubwa

Fungua programu ya mafaili. Kwenye simu yako inaweza kuitwa `Files`, `My Files` au `File Manager`. Ingia sehemu ya video, gusa alama ya kupanga, chagua kupanga kwa ukubwa, kubwa zikae juu. Usizifuatishe kwa tarehe, utachoka bure.

Sasa soma majina, maana jina linakueleza video imetoka wapi. Inayoanza `VID_` ikifuatiwa na tarehe, kwa kawaida umeipiga wewe kwa kamera. Yenye `-WA` ndani ya jina, mfano `VID-20240811-WA0007.mp4`, imepita WhatsApp. Tofauti hii ndiyo itakayokuzuia kufuta harusi ya mwanao ukidhani ni kichekesho cha kundi.

Video za WhatsApp kwenye simu za miaka ya karibuni zinakaa hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Video
```

Ndani yake kuna folda inaitwa `Sent`, na hii ndiyo wengi hawaijui. Ukituma video uliyoipiga mwenyewe, WhatsApp huipunguza ukubwa, kisha huhifadhi hiyo iliyopunguzwa ndani ya `Sent`. Ya asili inabaki kwenye `DCIM/Camera`. Kwa hiyo kila video uliyoituma unaweza kuwa nayo mara mbili. Mama alikuwa ndiye mpiga video wa kwaya, na `Sent` yake peke yake ilikuwa na GB 2.1.

Kabla ya kufuta kitu ndani ya `Sent`, hakikisha ile ya asili bado ipo kwenye kamera na inacheza mpaka mwisho. Kama ya asili ulishaifuta, iliyomo `Sent` ndiyo pekee uliyobaki nayo. Tulizipitia zake pamoja, yeye akisema ipi ibaki. Mimi sikufuta hata moja bila neno lake, na nakuomba nawe ufanye hivyo unapomsaidia mzazi. Mwaka uliopita fundi mmoja alimfutia mama huyu kila kitu kwenye simu yake ya zamani bila kumuuliza, zikaenda na picha za msiba wa mumewe.

Kwa `Sent` na zile kubwa alizopokea kwenye makundi, tuliondoa GB 4.4.

Hatua ya tatu: faili zilizopakuliwa mara mbili

Ingia folda ya `Download`. Ukiona `ratiba.pdf`, `ratiba (1).pdf` na `ratiba (2).pdf`, ujue uligusa kupakua mara tatu, pengine kwa sababu hukuona kama ya kwanza imekwisha kushuka. Programu ya `Files` ya Google ina sehemu ya kusafisha inayokutafutia `Duplicate files` yenyewe.

Hapa usiende haraka. Namba kwenye mabano haithibitishi kuwa faili ni zile zile. Mama alikuwa na katiba ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, `katiba.pdf` na `katiba (1).pdf`. Moja KB 412, nyingine KB 438. Ukubwa ukitofautiana, yaliyomo yanatofautiana. Tulipofungua, ya pili ilikuwa na kifungu cha faini kilichorekebishwa. Angefuta ya pili kwa kuamini jina, angebaki na katiba ya zamani.

Upande wa pili, simu haitambui picha mbili zinazofanana machoni kama moja imepunguzwa na WhatsApp. Yenyewe inalinganisha yaliyomo ndani ya faili, na hayo yameshabadilika. Hizo utazitafuta mwenyewe, na ukichagua, bakiza ile ya kamera kwa sababu ndiyo safi zaidi. Hatua hii ilitupa MB 400, si nyingi.

Hatua ya nne: kashe

Kashe ni vitu ambavyo programu inajiwekea ili isivipakue tena: vipande vya video ulizotazama, picha za wasifu wa watu. Tangu Android 11, programu ya mafaili kwa kawaida haiwezi kufungua folda ya `Android/data`, ambako baadhi ya kashe hukaa, kwa hiyo usihangaike kuitafuta huko. Nenda `Settings`, `Apps`, chagua programu, gusa `Storage`, halafu `Clear cache`.

Karibu na kitufe hicho kuna kingine, `Clear data` au `Clear storage`. Hicho kinaifuta programu iwe kama uliyoiweka leo. Kwenye TikTok utapoteza video ulizoandaa ukaziacha bila kuzirusha, maana zinakaa ndani ya simu tu. Kwenye WhatsApp utatolewa nje ya akaunti. Soma neno la pili kabla kidole hakijashuka.

Tulipata GB 1.2. Nilimwambia wazi kwamba nyingi zitarudi akiendelea kutazama, na kwa kuwa zitarudi zitamla bando kidogo. Kashe ni ya kukutoa kwenye shida ya leo, ndiyo maana sikuanza nayo.

Hatua ya tano: kapu la taka

Tulipomaliza, nafasi iliyoonekana ilikuwa GB 1.8 tu. Mama akanitazama. Video zilikuwa zimeingia kwenye kapu, `Trash` au `Recycle bin`, na kwenye simu nyingi zinakaa humo siku 30 zikiendelea kula nafasi ile ile. Fungua kapu la programu ya mafaili na la picha pia, kagua kwa mara ya mwisho, kisha limwage. Simu ikasoma GB 6.6.

Halafu tuliziba mlango. Ndani ya WhatsApp: `Settings`, `Storage and data`, `Media auto-download`. Chini ya `When connected on Wi-Fi`, kwa kawaida video huwa zimewekewa tiki. Kila alipokuja kwa mwanawe Nzuguni kwenye Wi-Fi, makundi yote yalikuwa yanajimwaga kwenye simu yake usiku kucha. Tulitoa tiki ya video, sasa anagusa ile anayoitaka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Kondoa: Shikamoo fundi. Nimehamishia video kwenye kadi ya memori lakini nafasi ya simu iko pale pale. Nimekosea wapi?*

Marahaba mwalimu. Mara nyingi mtu huwa amegusa `Copy` badala ya `Move`, hivyo video iko kwenye kadi na kwenye simu vilevile. Fungua ile ya kwenye kadi, itazame mwanzo na mwisho, ikicheza vizuri futa ya kwenye simu, halafu umwage kapu.

*Dada wa Kibaigwa: Nikifuta video kwenye folda ya WhatsApp, itafutika kwa wenzangu kwenye kundi?*

Hapana dada. Kila mtu ana faili lake kwenye simu yake. Kwako ujumbe utabaki, ila video haitafunguka. Usitegemee kuipakua tena baada ya muda mrefu, unaweza kuambiwa haipo. Ukiihitaji utamwomba aliyeituma airushe upya.

*Kijana wa UDOM: Bro, kuna folda inaitwa `Databases` ndani ya WhatsApp, ina GB 1.5. Nifute?*

Usiifute yote. Humo mna akiba ya mazungumzo yako. Yale mafaili yenye tarehe kwenye jina, mfano `msgstore-2024-08-11.1.db.crypt15`, ni akiba za siku zilizopita, unaweza kuyaondoa. Lisilo na tarehe, linaloanza `msgstore.db`, ndilo la mwisho, liache. Kama simu ikiibiwa akiba hiyo inaenda nayo, hivyo ya Google Drive pia iwe imewashwa.

*Baba wa Mpwapwa: Video ya harusi ya binti yangu ni GB 5. Nataka kuiweka kwenye flashi ndipo niifute, lakini inagoma, na flashi ni ya GB 64 haina kitu.*

Hongera kwa harusi, mzee. Flashi yako huenda imefomatiwa kwa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe tupu kiasi gani. Njia ya kwanza ni kuifomati flashi kwa exFAT kwenye kompyuta. Kufomati kunafuta vyote vilivyomo, ila ya kwako haina kitu, kwa hiyo hupotezi. Simu nyingine za zamani haziisomi exFAT, basi unganisha simu na kompyuta kwa waya, nakili video kwenye kompyuta, toka hapo ipeleke kwenye flashi. Ukishamaliza itazame yote kutoka kwenye flashi, hadi pale bibi harusi anapoondoka, ndipo uifute kwenye simu.