Kadi mpya ya grafiki, gemu bado linakwama? Tazama nyuma ya kompyuta

Kijana mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, alikuwa tayari kumrudishia muuzaji kadi yake nzima kabisa. Kabla hujafika huko, fuata waya wa monita. Ukiwa umechomekwa juu, karibu na matundu ya USB na sauti, umo kwenye madabodi, na picha inatoka kwenye grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa. Zima kompyuta, uhamishie kwenye matundu ya kadi yenyewe, ambayo kwenye kesi nyingi yamelala chini kidogo. Kisha fungua gemu na uangalie `Task Manager`, sehemu ya `Performance`: `GPU` yenye jina la kadi yako ndiyo inayopaswa kupanda.

Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo ukiwa unaona picha basi waya uko sahihi. Hapo punguza rezolusheni ya gemu. Kasi isipobadilika, mara nyingi prosesa ndiyo imezidiwa, na waya hautakusaidia.